Namba Kwanza, Radhi Mwisho

Kwa miaka minne sauti yangu ilijulikana Sumbawanga kuliko sura yangu. Nilikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Nilikaa kwenye kibanda chenye dirisha moja, nikiwa na kipaza sauti, daftari la safari na chupa ya chai, na juu ya paa palikuwa na spika mbili, moja ikitazama mabenchi na nyingine ikitazama maegesho. Kila egesho lilikuwa na nguzo yenye namba, moja hadi nane. Basi likiingia, wapiga debe walinipigia mluzi, nami nikawaambia watu linakwenda wapi na limesimama namba ngapi. Sokoni niliponunua nyanya, muuzaji alinisikia nikiuliza bei, akasema, "Kumbe ni wewe dada wa stendi," na siku hiyo hakunipunja.

Nilijivunia. Niseme ukweli, nilijivunia kupita kiasi. Nilikuwa nikijisikiliza ninavyotangaza, na nikiona nimekosa neno zuri niliumia siku nzima.

Kazi hiyo niliirithi kwa baba, ingawa yeye hajawahi kufanya kazi stendi. Baba ni katekista kule Kasense. Tangu nikiwa mdogo nilimwona kila Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, akisimama na karatasi yake kusoma matangazo. Alianza kwa salamu, na salamu yake ilikuwa ndefu. Kisha aliwashukuru waliofika, akawapa pole wenye wagonjwa, akaeleza jambo lilivyoanza, likaendaje, likakwamia wapi, na mwisho kabisa ndipo tulipojua kwamba Jumamosi kila familia ilete debe la mchanga. Watu wazima walisema baba yangu anajua kutangaza. Kwetu Ufipa mtu anayekurupuka na jambo anaonekana hakulelewa. Ukitumwa kupeleka habari kwa jirani, unakaa kwanza, unaulizwa habari za nyumbani, unaonja ulicholetewa, halafu polepole unalikaribia lile lililokuleta.

Basi na mimi nilitangaza hivyo. "Ndugu abiria wetu wapendwa, tunawasalimu kwa heshima kubwa. Tunawashukuru kwa kuchagua kusafiri kutoka stendi yetu." Msimamizi wangu, mwanamume mpole anayevaa koti la sufu hata jua likiwaka, alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema wageni wakisikia vile wanajua mji huu una adabu.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Juni. Anayeijua Sumbawanga ya Juni anajua upepo wake. Ulikuwa unavuma tangu alfajiri, watu wamejikunyata kwenye mabenchi wamejifunika vitenge na makoti. Bibi mmoja alikuja dirishani kwangu saa tatu. Alikuwa ametoka Kizwite kwa miguu, akiwa na kikapu na kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Basi la ziwani linasimama wapi?"

Basi la ziwani tulikuwa tunaliita hivyo kwa sababu linapitia Namanyere, kisha linaiacha lami na kuteremka kwenda Tanganyika. Lilikuwa moja tu kwa siku, saa nne. Nilimwambia namba mbili. Akashukuru, lakini hakuondoka haraka, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa kwetu. Aliniambia anakwenda kumwona mdogo wake wa kiume, wamebaki wawili tu kwa mama yao, na yule mdogo anaishi kijiji kilicho mbele ya Namanyere, barabara inapoanza kuteremka. Wamempigia simu kwamba anaumwa kidogo, na amemwulizia dada yake.

"Hicho kidogo wanachosema sijui ni kidogo cha namna gani," alisema. "Ila nimemchukulia ulezi, anapenda uji. Jana umeme ulikatika, sikusaga. Nitasaga hukohuko." Akanionyesha kile kifuko.

Nikamwambia poleni na mgonjwa. Akaenda kukaa.

Saa nne kasorobo dereva wa basi la ziwani alinipigia. Gari lake lilikuwa limeharibika gia likiwa bado gereji, fundi anasema mpaka saa nane ndipo litakuwa tayari. Lakini mwenye basi alikuwa amepata gari dogo la abiria kumi na wanne, litaingia namba sita na kuondoka saa nne na nusu kwa wale wenye haraka, kwa tiketi zilezile. Nikaandika yote kwenye daftari. Nikanywa funda la chai, nikawasha kipaza sauti.

Naweza kulirudia tangazo lile neno kwa neno, nimelirudia mara nyingi usiku bila kupenda. Nilisema hivi: "Ndugu abiria wetu wapendwa, tunawasalimu kwa heshima kubwa, na tunawapa pole kwa baridi ya asubuhi hii. Tunasikitika kuwaarifu kwamba basi linaloelekea ziwani kupitia Namanyere limepata hitilafu ya gia ambayo mafundi wanaendelea kuishughulikia. Hivyo basi hilo litaondoka saa nane mchana badala ya saa nne. Tunawaomba radhi sana kwa usumbufu, na tunawashukuru kwa uvumilivu wenu ambao mmekuwa mkiuonyesha siku zote. Hata hivyo, kwa wale wenye haraka, lipo gari dogo litakaloondoka saa nne na nusu, ambalo mtalikuta namba sita, na tiketi zenu zitatumika." Nikalisema mara mbili kama ilivyo kanuni.

Ukilisoma, halina kosa. Kila kitu kimo. Nilizima kipaza sauti nikiwa nimejipongeza kwa lile la baridi.

Kitu ambacho sikukiona, ingawa dirisha lilikuwa mbele ya macho yangu, ni miguu ya watu. Niliposema saa nane, nusu ya mabenchi ilisimama. Mtu akishasikia saa nane, amepata alichokuwa anakingoja. Ana saa nne nzima mkononi, anawaza azitumieje, huku mimi bado naomba radhi. Mpaka nafika namba sita, wengine walikuwa wameshavuka geti kwenda kunywa supu, na spika zangu hazikuwa zikifika ng'ambo ya barabara, hasa upepo ule ukivuma. Aliyekuja kusikia tangazo la pili alikuwa yuleyule aliyebaki, ambaye alishasikia la kwanza.

Gari dogo liliondoka saa nne na nusu likiwa na watu sita.

Bibi alirudi saa tano. Alikuja moja kwa moja dirishani, uso umechangamka kwa upepo, akaweka kile kifuko kwenye kingo ya dirisha. Sasa kilikuwa kimelegea na kujaa vizuri. "Shika," alisema. Nikakishika, kilikuwa bado cha moto. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa ule ucheleweshaji, akaenda mashineni kule nyuma ya soko, akapanga foleni, akasaga ulezi. Mdogo wake atapata uji mara tu atakapofika, hakuna kuzungushana.

Nilimwuliza kama hakusikia habari za gari dogo.

"Gari dogo lipi?"

Nikamweleza. Aliitazama namba sita, ambapo palikuwa na madoa ya mafuta tu, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. "Nilisikia saa nane," alisema. "Nikaenda." Akakichukua kifuko chake, akaenda kukaa benchi lililo chini ya dirisha langu kujikinga na upepo. Hakuwa na sababu ya kuhangaika kutafuta njia nyingine. Aliambiwa mdogo wake anaumwa kidogo.

Simu yake iliita saa saba na robo. Wapiga debe walikuwa wanapiga kelele, lori linarudi nyuma, naye sikio lake moja halisikii vizuri. Alisimama akaniinulia ile simu. "Mwanangu, nisikilizie. Ni mtoto wa mdogo wangu."

Nilisema halo, nikajitambulisha kwamba niko stendi, niko na bibi. Yule kijana alisalimia, akauliza habari za Sumbawanga, akauliza kama basi limeondoka. Nilijibu yote. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Dada, mzee ametutoka, saa saba kasoro dakika chache. Ila wewe mwambie tu kwamba amezidiwa, asije akaanguka hapo stendi. Akifika tutamwambia vizuri."

Nikamrudishia bibi simu. Nikaanza kama nilivyolelewa. Nikamwambia wanamsalimia, wanauliza kama ameshapanda, wanasema hali siyo nzuri sana, basi tuzidi kumwombea. Nilikuwa natafuta neno linalofuata aliposema, "Mwanangu. Amefariki saa ngapi?"

Nikamwambia.

Alikaa. Alikiweka kile kifuko mapajani, akakifunika kwa viganja viwili. Baada ya muda akauliza bila kuinua kichwa, "Na lile dogo limefika kwetu saa ngapi?"

Dereva wa gari dogo alikuwa ameshanipigia. Limepita kijiji kile saa sita na dakika kumi. Nikamwambia na hilo pia, kwa kuwa aliuliza. Alihesabu kwa vidole, polepole.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema samahani. Nilikuwa nimeshawaomba radhi mabenchi mazima asubuhi ile, na huyu mmoja nilishindwa. Badala yake nilisema, "Lakini nilitangaza, mama. Mara mbili."

"Ulitangaza," alisema. "Mwishoni."

Saa nane basi liliingia namba mbili. Alipanda na kikapu chake na unga wake. Nikamwangalia mpaka basi linakata kona, kisha nikatangaza basi la Mbeya kwa sauti yangu nzuri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kasense. Misa ilipofika kwenye matangazo, baba alisimama na karatasi yake, akasalimia, akashukuru, akatoa pole. Kwa mara ya kwanza sikumwangalia yeye, niliangalia watu. Wote walikuwa wamekaa. Hakuna aliyejisogeza. Jambo lilipofika mwisho, lilimkuta kila mtu mahali pake.

Nilimsimulia tukiwa uani, tunapukuchua mahindi. Baba hapendi kuingiliwa akiwa anasikiliza, wala hapendi kuharakishwa kujibu. Alimaliza gunzi lake.

"Mimi watu wangu wanangoja baraka," alisema. "Hawawezi kuondoka, baraka iko kwa padre. Wewe wako wanangoja nini?"

"Wanangoja kuondoka."

"Basi ulikuwa unawasomea misa watu walioshika mizigo."

Nilikasirika. Nilimwambia ni yeye aliyenifundisha. Akakubali bila kubishana, kwamba ni kweli, alinifundisha, ila alinifundisha kuongea na watu waliokaa. Akachukua gunzi jingine. Niliondoka bila kumaliza debe langu, nikiwa nimenuna kama mtoto, na njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nalipanga lile tangazo upya kichwani.

Nilianza kwa kutoka kibandani. Wiki nzima, kila nilipopata nafasi, nilimwomba mmoja wa wakata tiketi anishikie kipaza sauti, mimi nikakaa benchini kama abiria. Niligundua kwamba neno la kwanza hakuna anayelisikia. Linapotea kwenye injini na mazungumzo, na kazi yake ni kuwafanya watu wanyamaze tu. Niligundua kwamba mtu haanzi kusikiliza mpaka asikie jina la mahali anapokwenda, na asipolisikia mapema anaendelea na hadithi zake. Akishalisikia, anauliza moyoni niende wapi, halafu saa ngapi. Akijibiwa hayo anainuka. Sababu za gia na radhi, hizo anaweza kuzisikia akiwa anatembea, na asipozisikia haimpunguzii kitu. Na ukishamtajia saa iliyo mbali kabla hujamwambia kuna la kufanya sasa hivi, umempoteza.

Nikaandika kwenye jalada la daftari: mahali, mara mbili. Namba. Saa. Cha kufanya. Halafu sababu. Chini yake nikaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba anayetakiwa kuondoka sasa atajwe kabla ya anayetakiwa kungoja. Na kama sijui basi litaingia saa ngapi, nisiwaache hewani, niwatajie saa nitakayorudi kuwapa habari, na nirudi kweli.

Msimamizi alilisikia tangazo la kwanza la namna hiyo, akaja kibandani na koti lake, ameumia. "Dada, ndiyo nini sasa? Hakuna hata salamu. Unawaamrisha watu kama unaswaga ng'ombe."

Nilimwambia salamu ipo, nimeihamishia kwa wanaobaki. Akasema mji utatuona hatuna adabu. Nikamjibu vibaya, namna nisivyopaswa kumjibu mtu wa rika lake, kwamba adabu ilimkosesha bibi wa watu kumwona mdogo wake. Alikuwepo siku ile. Alisimama akichezea kifungo cha koti, kisha akasema, "Basi angalau usiache kuomba radhi."

Nilikubali. Radhi ingebaki, mwisho kabisa, baada ya kila kitu.

Watu walinung'unika siku za mwanzo. Mzee mmoja mfugaji, wa wale waliohamia na mifugo yao kutoka Kanda ya Ziwa kule kaskazini, alikuja dirishani nikadhani naye anakuja kulalamika. Alisema Kiswahili chake ni kizito, zamani nikimaliza kutangaza ilimbidi amwulize jirani nimesema nini. Siku hizi anasikia jina la kwao na namba, anakwenda. Akaniachia maziwa mgando kwenye chupa ya soda. Nilifurahi, sikatai, lakini kila nilipofurahi nilikumbuka unga ule wa moto mkononi mwangu.

Bibi nilimwona tena mwishoni mwa Julai. Alikuwa na kikapu kilekile, amevaa kitenge cheusi na rozari shingoni, akiwa na wanawake wawili wa rika lake. Sikuhitaji kuuliza. Siku arobaini zilikuwa zimetimia, walikuwa wanakwenda kwenye misa ya arobaini. Alipita dirishani. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba," alisema, na macho yake yakanipita, sijui kama alinijua. Siku ile, tangu ile simu, alikuwa ameangalia chini tu. Akaenda kukaa benchi la katikati.

Nilikuwa nimejiambia tangu Juni kwamba nikimwona nitatoka, nitamshika mkono, nitamwambia nilichoshindwa kumwambia. Nikavuta kiti nyuma. Simu ikaita.

Alikuwa dereva wa ziwani. Tairi mbili zimepasuka, yuko mbali na mji, hafiki kabla ya saa saba. Gari dogo lilikuwa tayari linaingia, nafasi kumi na nne, liondoke ndani ya dakika kumi kabla halijazuia njia ya basi la Mbeya. Kupitia dirishani nilimwona bibi anawaonyesha wenzake upande wa soko, mmoja ameshasimama, anajifunga kanga.

Nikawasha kipaza sauti.

"Ziwani. Ziwani, kupitia Namanyere. Nendeni namba sita sasa hivi. Gari dogo, nafasi kumi na nne, linaondoka saa nne na dakika ishirini. Tiketi ni zilezile."

Bibi alikuwa ameinuka kwenye neno sita. Sikuwahi kuona mtu wa umri ule akiinuka vile. Alimshika yule aliyesimama kwa kiwiko, akamgeuza, wakaondoka wote watatu kwa mwendo wa watu wanaojua wanakokwenda, kikapu kikimgonga pajani. Wengine wakawafuata.

"Watakaokosa nafasi, ngojeni namba mbili. Basi kubwa halitaingia kabla ya saa saba. Nitawapa habari tena saa tano."

Benchi la katikati lilikuwa tupu. Kule namba sita bibi alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, kondakta anampokea kikapu. Mlango ukafungwa nyuma yao. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa radhi, na kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka.

"Basi limepasuka matairi," nilisema. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ananisikiliza. "Tunaomba radhi," nikasema. Kisha nikasema tena, taratibu, kama nilivyotakiwa kusema siku ile chini ya dirisha hili, "Naomba radhi, mama."

Gari dogo lilikuwa linakata kona.